Herufi Moja Ndani ya Mabano

Hebu tujiulize: mtu akikuwekea mbele kichwa cha ripoti ndefu na muhtasari wake tu, halafu akakuuliza "ripoti inasema nini?", una haki ya kumjibu? Wengi wetu tunajibu tu, tena kwa kujiamini.

Chukua kisa cha Marekani, 2019. Ijumaa ya Machi 22, mchunguzi maalumu Robert Mueller alikabidhi ripoti yake kuhusu Urusi kuingilia uchaguzi wa 2016. Kurasa 448, na umma haukuiona hata moja. Jumapili yake, Mwanasheria Mkuu William Barr akaliandikia Bunge barua ya kurasa nne kueleza hitimisho kuu la ripoti. Jioni ile ile watu walishakuwa na jibu. Trump akasema amesafishwa kabisa, ingawa barua yenyewe ilimnukuu Mueller akisema kwamba, kuhusu kuzuia haki, ripoti haimsafishi.

Lakini kilichonivutia mimi ni herufi moja. Barua ilinukuu kwamba uchunguzi haukuthibitisha kuwa watu wa kampeni ya Trump walikula njama au kushirikiana na serikali ya Urusi. Herufi ya kwanza ya nukuu hiyo, T kubwa, ilikuwa ndani ya mabano ya mraba. Mhariri yeyote anajua maana yake: herufi ilikuwa ndogo, na sentensi ilianza kabla ya hapo. Kuna kipande kimebaki nyuma.

Ripoti ilipotoka Aprili 18, sehemu nyingine zikiwa zimefichwa kwa wino mweusi, kipande kikaonekana. Kilianza na "ingawa": ingawa ilithibitika kwamba Urusi iliona itanufaika Trump akishinda na ikafanya kazi ashinde, na kampeni ilitarajia kunufaika na taarifa zilizoibwa. Nukuu ya Barr haikuwa uongo. Ila "haukuthibitisha" ikisimama peke yake husikika kama "hakukuwa na kitu".

Sasa, aliyekuwa na barua tu angeweza kuuliza nini? Mengi, jamani. Kabla ya T kuna nini? Nani amechagua nusu hii? Ripoti haina muhtasari wake yenyewe? (Ilikuwa nao, katika kila moja ya majuzuu yake mawili.) Na jibu la haki lilikuwepo: "Barr anasema kwamba Mueller anasema." Maneno matatu ya ziada, basi. Najua mwandishi wa habari hawezi kusubiri kurasa 448 zitoke, na msomaji akiambiwa hivyo huona anakwepwa. Bado hakuna jibu lingine ambalo mtu huyo alikuwa nalo mkononi.

Machi 27 Mueller mwenyewe alimwandikia Barr kwamba barua ile haikubeba kikamilifu muktadha na kiini cha kazi yao, akaomba mihtasari yao itolewe. Umma ulikuja kujua kuhusu malalamiko hayo mwishoni mwa Aprili.