Nani Alimuua Nyoka?

Ngano ya Sultani Darai ilisimuliwa Unguja muda mrefu kabla Edward Steere hajaiandika kutoka vinywani mwa wasimulizi na kuichapisha London mwaka 1870. Kiini chake ni maskini na paa. Maskini ametapanya mali yake yote, sasa anachakura jaani kama kuku akitafuta punje za nafaka. Siku moja anaokota thumni, na kwa thumni hiyo ananunua paa, huku watu wakimshangaa. Paa anasema kama mtu. Anaomba ruhusa ya kwenda kujitafutia malisho, anafukua almasi chini ya mti, anaifunga kwenye majani na kuipeleka kwa sultani wa mbali ili kumposea bwana wake binti. Kisha anamkata nyoka mwenye vichwa saba aliyekuwa akikalia jumba kubwa, na jumba lile analikabidhi kwa bwana wake.

Halafu paa anaugua. Bibi kizee wa mle jumbani anakwenda kumwambia bwana, naye anaamuru mgonjwa apikiwe uji wa mtama mwekundu, kwa kuwa alimnunua kwa thumni tu. Mke wake anamsihi, hasikii. Bibi kizee anakwenda na kurudi, jibu ni lile lile. Paa anakufa na kutupwa kisimani. Usiku mmoja mke anaota yuko kwao, anaamka yuko kwao. Bwana anaota anachakura jaani, na kunapokucha yuko jaani, anachakura.

Kikundi kimoja cha vijana wa Dar es Salaam kiliichukua ngano hii kuitia katika gemu. Walikuwa wanaipenda kweli, na hilo ndilo linalofanya kisa chao kifae kusimuliwa, maana ngano haikuharibika kwa dharau. Waliigawa katika misheni: kutafuta almasi, kupeleka posa, kumuua nyoka, kuhamia jumbani, ugonjwa wa paa. Kila misheni ilikuwa na karatasi yake iliyoeleza inaanzia wapi, mchezaji anatakiwa afanye nini, nini kinaifunga, na analipwa nini mwishoni.

Walikwama pale penye kazi ya mchezaji. Walikuwa wameshaamua kwamba mchezaji ndiye maskini, kwa sababu yeye ndiye binadamu na hadithi inaanza naye. Lakini maskini katika ngano hafanyi kitu. Anasubiri, anavishwa, anaozwa, anaingizwa jumbani. Nani atanunua gemu ya kusubiri? Basi wakampa upanga. Paa akawa mwenzi wa safari, anatangulia mbele, anaonyesha njia, anapiga kelele kichwa cha nyoka kinapotaka kuuma. Pigano lilitoka vizuri sana. Kila kichwa kilikuwa na mwendo wake, na mchezaji aliyezoea alijua kwamba kichwa cha nne hujificha nyuma ya cha tano kabla ya kurusha sumu. Yule nyoka alikuwa bosi wa kujivunia.

Kisha wakawapa vijana wa mtaani waijaribu. Walicheza kwa furaha hadi jumbani, wakambonyezea paa uji wowote uliokuwa juu ya orodha, wakaendelea na mambo mengine, mwishowe wakajikuta jaani. Wakadhani gemu imeharibika, wakarudi pale walipokuwa wamesevu mara ya mwisho. Mmoja alikasirika hasa. Nyoka nimemuua mimi, akasema, jumba ni langu, mbona nanyang'anywa?

Alikuwa na haki. Kwa namna gemu ilivyotengenezwa, hakuwa na deni lolote kwa paa. Almasi aliifukua mwenyewe, nyoka alimkata mwenyewe, na paa alikuwa kama taa ya njiani. Ngano nzima imejengwa juu ya deni la hisani, na deni hilo lilifutika saa ile upanga ulipobadilisha mkono. Tangu hapo adhabu ya mwisho haikuwa na kosa la kuadhibu.

Hapo ndipo kikundi kilipofanya kosa la pili, na hili ni baya kuliko la kwanza kwa sababu linafanana na tiba. Walisikia lalamiko, wakalitibu lalamiko. Wakaweka kipimo cha wema pembeni mwa kioo. Bibi kizee akija, yanatokea majibu matatu: uji wa mtama unapunguza alama, uji wa mchele unaongeza, kwenda mwenyewe kumwona mgonjwa kunaongeza zaidi. Mwenye alama za kutosha anabaki na jumba lake. Katika jaribio lililofuata hakuna aliyelalamika, na karibu kila mtu alichagua jibu la kwenda mwenyewe bila hata kusoma maneno ya bibi kizee, kwa kuwa namba zilimwonyesha. Kikundi kikafurahi.

Sasa ngano ilikuwa inasema kwamba kumhudumia aliyekufaa ni kodi ya nyumba: lipa, utakaa. Bwana yule wa ngano hakuanguka kwa sababu alikosa hesabu. Alianguka kwa sababu hakujua kwamba yuko kwenye mtihani. Alikuwa ameshiba, ana wageni na mali, na aliyempa vyote hivyo yumo chini ya dari lile lile, lakini ameshakuwa tena mnyama wa thumni. Ukimwekea mchezaji alama ya kumwonya kwamba hapa pana jambo zito, umemwondolea kile kile ambacho hadithi inataka akione ndani yake.

Mmoja wa waandishi wao alikwenda Unguja kwa bibi yake, ambaye ndiye aliyemsimulia ngano hii utotoni. Akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akafungua kompyuta. Bibi hakushika kitufe hata kimoja. Alikaa mkekani akimtazama mjukuu akicheza kuanzia jaani hadi jumbani, na nyoka alipoanguka akauliza:

"Nani kamuua nyoka?"

"Mimi, bibi. Yaani yule maskini."

"Basi paa anamdai nini, mjukuu wangu?"

Kijana akakosa jibu. Bibi akauliza na jingine: mbona bibi kizee amekwenda kwa bwana mara moja tu? Kijana akaeleza kwamba safari nyingine walizikata, zinachosha, mtu anapanda ngazi na kushuka kusikia maneno yale yale. Bibi akasema pale ndipo yeye alipokuwa hakimbii. Alikuwa anamtuma bibi kizee, anamrudisha, anamtuma tena, kwa sauti ile ile, mpaka watoto waanze wenyewe kupiga kelele: "Si uende mwenyewe ukamwone!" Wakishasema hivyo, akasema, hana tena haja ya kuwaeleza kitu.

Kikundi kilianza upya na karatasi nyingine kabisa. Kabla ya kuandika misheni yoyote waliandika nani anamdai nani, kwa lipi, na deni linaanza saa ngapi. Mara jibu likawa wazi kwamba mchezaji lazima awe paa. Tangu thumni inapotolewa, mchezaji anafukua kwa kwato, anabeba almasi mdomoni, anakimbia siku kadhaa kwenda kwa sultani, anapigana na nyoka. Pigano lao zuri halikupotea, liliwekwa tu mikononi mwa mwenyewe. Kila anaporudi anamkuta bwana akimngoja, na hapa walifanya jambo la busara: hawakumfanya mwovu mapema. Katika ngano bwana hulia paa anapochelewa, na hufurahi anapomwona. Mchezaji anapaswa kumpenda, la sivyo kitakachofuata hakitamuuma.

Ugonjwa unapoanza, mchezaji haambiwi. Anaona tu kwamba paa anakimbia polepole, kisha hawezi kuruka kizingiti alichokuwa akikiruka, kisha hainuki. Hapo gemu inamhamishia mchezaji kwa bibi kizee. Ngazi ni zile zile, ndefu kama zilivyo, hakuna njia ya mkato. Anapanda, anasema, anajibiwa, anashuka. Anapanda tena. Anaweza kuchagua maneno ya kumwambia bwana, anaweza kupitia kwa mke kwanza, lakini mwenye kujibu ni bwana na jibu halibadiliki. Mtengenezaji mmoja alipinga, akisema gemu isiyompa mchezaji uamuzi ni filamu. Hoja yake ni nzito, na kwa ngano nyingine ningemuunga mkono. Hapa kutokuwa na uamuzi ndiyo hali halisi ya aliyetenda hisani: amemaliza yake, yaliyobaki yamo mikononi mwa mwingine.

Walibakiwa na kazi ya kuhakikisha kwamba jaa la mwisho halionekani tena kama hitilafu. Neno "umeshindwa" likaondolewa. Sauti ya msimulizi inasikika ikifunga hadithi, gemu inajisevu pale pale jaani, na ngano inayofuata inaanzia hapo, kwa hiyo hakuna jumba la kurudia.

Namna yao ya kupima nayo ilibadilika. Hawakuuliza tena kama mtu amefurahi. Walimwomba mchezaji azime kioo, amsimulie mdogo wake alichocheza. Wa toleo la kwanza walisimulia nyoka na vichwa vyake. Wa toleo hili walimpitia nyoka haraka, wakaanza kugombana juu ya bwana: je, alisahau au alijua?

Haimaanishi kwamba ngano haiguswi. Mwaka 2014 ilitoka gemu ya Kisima Ingitchuna, iliyotengenezwa pamoja na baraza la wenyeji wa Cook Inlet huko Alaska kutokana na hadithi ya Wainupiat kama alivyoisimulia Robert Nasruk Cleveland. Watengenezaji waliomba idhini kwa binti yake, Minnie Gray. Katika hadithi mhusika ni mvulana, katika gemu ni msichana na mbweha wake. Ni badiliko kubwa kwa macho, lakini lilipita kwa wenye hadithi, na safari ya kutafuta chanzo cha dhoruba isiyokoma ikabaki. Vijana wa Dar es Salaam walibadilisha kitu kidogo zaidi, upanga tu, na hadithi ikaporomoka. Ukubwa wa badiliko hauwezi kujulikana kwa kulitazama. Unajulikana kwa kumuuliza anayeisimulia.

Wala dawa ya paa haitibu kila ngano. Kikundi hicho sasa kinashughulikia kisa cha Abunuwasi na sufuria iliyozaa. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na ndogo ndani yake akisema imezaa, jirani anapokea kwa furaha. Anaazima tena, safari hii anasema imekufa. Kila anayelisikia jambo hili hutaka mchezaji awe Abunuwasi, kwa kuwa ndiye mjanja. Lakini mchezaji akiwa Abunuwasi atajifunza kudanganya hatua kwa hatua. Mwenye la kujifunza ni jirani, na njia pekee niionayo ni mchezaji awe jirani, apelekewe sufuria ndogo mlangoni, aachwe aipokee mwenyewe. Waliojaribu rasimu ya kwanza wameipokea wote. Kinachowasumbua sasa ni vichekesho: akiwa jirani, mchezaji hacheki tena, na kisa cha Abunuwasi kisichochekesha nacho kimepungukiwa.