Mifuko sita na siku saba

Barua ya kwanza ilikuwa ya ukurasa mzima. Mama mwenye duka la rejareja Chamazi, pembezoni mwa Dar es Salaam, aliiandika usiku baada ya kufunga duka, akaipeleka Kariakoo kwa mzee anayemuuzia sukari kwa bei ya jumla. Ndani yake alieleza ugumu wa maisha, ada za watoto na kodi ya fremu, kisha akaomba mambo mawili: apunguziwe shilingi 1,500 kwa kila mfuko wa kilo 50, na apewe mzigo kwa mali kauli, alipe mwisho wa mwezi.

Mzee aliisoma akiwa amesimama, akaikunja na kuitia mfukoni. "Nimeiona, mwanangu," akasema, kisha akamhudumia mteja mwingine. Mama yule alirudi nyumbani na mifuko yake 3 kama kawaida, akiamini kwamba amedharauliwa.

Hakudharauliwa. Mzee alikuwa amepiga hesabu ambayo barua haikuigusa. Wiki ile mfuko mmoja aliuuza shilingi 130,000, na yeye mwenyewe ulikuwa umemgharimu 127,000. Faida yake ni 3,000. Mfuko mmoja ukitoka kwa mkopo na pesa yake isirudi, anahitaji kuuza mifuko 43 mingine ili afidie ule uliopotea. Sasa mpunguzie huyo huyo 1,500, ili faida ibaki 1,500: mfuko mmoja uliopotea unadai mifuko 85. Hapo ndipo maombi mawili yanayoonekana kuwa ndugu yanapogombana. Punguzo linakula ile faida ndogo inayomwezesha muuzaji kuvumilia hatari ya mkopo. Anayeomba yote mawili juu ya mfuko uleule anamwambia mwenzake abebe mzigo mzito zaidi huku akimpunguzia ujira wa kuubeba.

Kulikuwa na jambo la pili, nalo mzee alilizingatia zaidi. Sukari ya mama yule haikai dukani. Majirani wananunua robo na nusu kilo, wauza chai na maandazi wanachukua kilo 5 kila asubuhi, na mifuko 6 inakwisha ndani ya wiki. Kwa nini basi aombe mwezi? Kwa siku 30 pesa ya mzigo mmoja ingezunguka mara nne kabla haijarudi Kariakoo. Muuzaji wa jumla anajua tofauti iliyopo kati ya mtu anayeomba muda wa kuuza na mtu anayeomba mtaji. Wa kwanza ni mteja. Wa pili anatafuta benki, na mzee hana benki.

Tena bei ya sukari haitulii. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Nino zilipokwamisha uvunaji wa miwa nchini, sukari iliadimika na kilo moja ikapita shilingi 4,000 sehemu nyingi. Aliyekuwa ametoa mifuko kwa mkopo wa mwezi kwa bei ya zamani alilipwa kila senti aliyodai, na bado pesa ile haikuweza kununua idadi ileile ya mifuko. Mdaiwa hakudhulumu, mdai hakukosea hesabu, na duka likapungua. Ndiyo maana urefu wa mkopo unamtia hofu muuzaji wa jumla hata pale anapomwamini mtu.

Mama alisaidiwa na shemeji yake, karani wa ghala. Huyu hakumuuliza habari ya shida zake. Alimuuliza anakwenda Kariakoo mara ngapi. Mara mbili, akajibu: Jumatatu mifuko 3 na Alhamisi mifuko 3, kwa sababu mtaji haumruhusu kuchukua 6 kwa mkupuo. Kila safari kirikuu inamtoza shilingi 15,000. Wakaandika hesabu hiyo nyuma ya boksi la sabuni, na mama akanyamaza kidogo. Punguzo alilokuwa akililia, 1,500 kwa mifuko 6, lingempa shilingi 9,000 kwa wiki. Kuokoa safari moja kungempa 15,000. Alichohitaji hasa ni muda, tena muda wa wiki moja tu, na alikuwa ameuzika chini ya malalamiko ya bei.

Barua ya pili ilikuwa fupi:

"Shikamoo mzee. Nachukua kwako mifuko 6 ya sukari kila wiki kwa safari mbili, na hujawahi kunidai. Naomba sasa niichukue yote 6 kila Jumanne. Mitatu nitalipa taslimu, na kwa hiyo naomba unipunguzie shilingi 1,000 kila mfuko. Mitatu mingine nitalipa bei yako kamili, shilingi 390,000, Jumanne inayofuata kabla ya kupakia mzigo mpya. Nisipolipa, usinipakilie. Sukari sitanunua kwa mwingine. Bei ikipanda kabla sijalipa, tugawane ongezeko nusu kwa nusu."

Ugumu wa maisha haukutajwa. Si kwamba haupo, ila hesabu ya mzee haina mahali pa kuuandika. Punguzo limekaa upande wa pesa taslimu, mkopo umekaa upande wa bei kamili, na vyote viwili vina mpaka. Kinachopendeza zaidi ni lile sharti la kutopakiliwa. Mkopaji amemkabidhi mkopeshaji ufunguo wa kumfungia mlango, na kwa kufanya hivyo amemwondolea aibu ya kudai.

Safari hii mzee alikaa chini, akatoa kalamu. Alikata mstari wa mwisho. Yeye ni Mwislamu, na kwake deni likishapangwa bei halipandi. Kuliongeza baadaye ni kuelekea kwenye riba. Kama soko litamgeuka ndani ya siku 7, hasara hiyo ni yake. Halafu akaongeza sharti lake: mwenye duka mwingine anayemfahamu asaini kuwa mdhamini, na kila mzigo uandikwe kwenye daftari mbili, tarehe, idadi na saini. Katika Kurani aya iliyo ndefu kuliko zote, ya 282 ya sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na wazee wengi wa biashara wa pwani wameishika. Jina mali kauli linataja neno la mdomo, lakini wanaodumu nayo ni wale wenye daftari.

Upande wa Chamazi kazi haikuwa rahisi. Pesa ya mifuko 3 ya mkopo ikichanganyika na ya mauzo mengine huyeyuka bila mtu kuiba. Mama aliweka kopo la maziwa la bati, na kila mfuko wa mkopo ulipokwisha, 130,000 iliingia humo kabla ya kununua kitu kingine chochote. Aliacha pia kuwakopesha wauza chai wawili waliokuwa wakilipa mwisho wa mwezi, kwa kuwa hawezi kutoa siku 30 huku yeye amepewa 7. Mmoja alihama duka. Dalili aliyofundishwa kuiogopa ni moja: siku atakapotaka kuuza mfuko wa mzigo mpya ili kulipa wa zamani, ajue kopo limetoboka.

Januari shule zilipofunguliwa, ada ilikula akiba yake yote. Jumatatu jioni alimpigia mzee: deni la 390,000 lingefika kesho yake kama lilivyoandikwa, ila wiki hiyo angechukua mifuko 3 ya taslimu tu, na ya mkopo asimpangie. Mzee aliliandika hilo nalo kwenye daftari. Jumanne iliyofuata mifuko 6 ilikuwa imesimamishwa kando ya mlango, ikimsubiri.