Kwa Nini Mwanamume Aliyedhulumiwa Hunyamaza

Ukifungua Sura ya 12 ya Kurani Tukufu utakuta habari za Nabii Yusufu a.s., ambaye tangu utotoni alitiwa katika mikono ya watu wenye nguvu juu yake. Aliuzwa, akakaa katika nyumba ya mkubwa mmoja wa Misri, na alipokuwa kijana mke wa mkubwa huyo akafunga milango na kumtaka. Wahubiri wengi hutaja habari hii kuwa mfano wa kuishinda tamaa, na ndivyo ilivyo. Lakini limo jambo jingine ambalo hupitwa haraka. Yusufu alikuwa mwanamume, na aliyemtaka alikuwa na mamlaka juu yake. Aliposingiziwa hakunyamaza, bali alisema waziwazi kwamba ni yule bibi aliyemtaka. Na shahidi wa nyumba ile hakucheka kwamba mwanamume hawezi kulazimishwa. Alisema kanzu itazamwe, imechanwa mbele au nyuma. Ikaonekana imechanwa nyuma. Hata hivyo Yusufu alitiwa gerezani, na mfalme alipomwita baada ya miaka, hakukubali kutoka mpaka kwanza shauri la wale wanawake lichunguzwe.

Basi Nabii wa Mungu hakuona aibu kusema kwamba alitakiwa kwa nguvu. Kwa nini wavulana na wanaume wetu waone?

Wala wao si wachache. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2009 juu ya ukatili kwa watoto ulionyesha kwamba kijana 1 wa kiume kati ya 7 alikuwa amefanyiwa tendo la ukatili wa kijinsia angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wasichana ilikuwa karibu 3 kati ya 10. Msichana akipatwa, angalau lipo neno ambalo kila mtu analijua. Mvulana hana neno. Sheria ya Tanzania huieleza hatia ya kubaka kuwa ni ile anayotendewa mwanamke au msichana; anayemwingilia mvulana hushtakiwa kwa kulawiti, ambayo nayo adhabu yake ni kali sana. Kwa kuwa sheria hiyohiyo humwadhibu pia anayeridhia tendo hilo, mwanamume aliyelazimishwa huogopa kwamba akienda kituoni atageuzwa mshtakiwa. Yafaa aambiwe wazi kwamba aliyelazimishwa hakuridhia.

Sababu iliyo nzito kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ambayo hakuna anayethubutu kuiuliza. Mara nyingi, wakati wa kudhulumiwa, dhakari ya mvulana husimama, na hata manii humtoka. Mdhalimu huyatumia hayo: "Umeona? Nawe ulipenda." Mtoto huamini, na kuanzia siku hiyo hujihesabu kuwa mshiriki. Ukweli ni kwamba mwili hujibu mguso, na hata hofu, bila kungoja ruhusa ya moyo, kama jicho litokavyo machozi mbele ya kitunguu. Jibu hilo si ridhaa, si dalili ya tamaa iliyojificha, wala halimgeuzi mtu kuwa shoga. Kurani Tukufu imemwondolea lawama hata yule aliyelazimishwa kutamka ukafiri hali moyo wake umetulia katika imani. Iwapo ulimi uliolazimishwa hauna hatia, mwili uliolazimishwa utakuwaje nayo?

Hapa lazima niseme juu ya sitara. Wazee wengi, wakipata habari kwamba mwalimu au mjomba amemwingilia mvulana, husema, "Tufichiane aibu, tuyamalize nyumbani." Hupokelewa fedha au mbuzi, na mtoto huamriwa asirudie maneno hayo. Hiyo si sitara iliyofundishwa na dini. Sitara ni kufunika kosa la mtu aliyeteleza baina yake na Mola wake. Si kumfunika mwenye kudhulumu ili apate mtoto mwingine. Katika Sura ya Nisaa, Mwenyezi Mungu anapokataza kutangaza mabaya amemtoa katika katazo hilo aliyedhulumiwa. Yeye ana haki ya kusema.

Tuchukue mfano. Mvulana wa miaka 11 husoma jioni kwa jirani anayeheshimiwa. Ghafla anaanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani. Anatafuta visingizio vya kutokwenda. Anapigana na wenziwe. Anaona uchungu akienda choo, na fulana yake ya ndani anaifua mwenyewe kwa siri. Hakuna hata moja kati ya dalili hizi iliyo hakika peke yake, lakini zikikutana, mzazi asichukue fimbo. Aketi naye peke yao, amwulize kwa upole, "Yuko mtu anayekufanya uogope?" kisha angoje. Yamkini mtoto atasema kipande tu, ili aone uso wa babaye utakuwaje. Baba akilipuka kwa hasira na kuapa kumwua mtu, mtoto atakifuta hata kile kipande, maana ataona amemtia babaye mashakani. Na akimwuliza, "Kwa nini hukupiga kelele?" atakuwa amemhukumu. Watu wengi, wakubwa kwa wadogo, huganda kwa hofu, wasiweze kusogea wala kutoa sauti. Maneno yanayotosha ni machache: "Nakusadiki. Si kosa lako. Umefanya vema kuniambia." Tena asimhoji mara nyingi, maelezo marefu awaachie wanaojua kuyachukua.

Ikiwa tendo ni la karibuni, saa zina thamani. Asiogeshwe, na nguo zake zisifuliwe. Zitiwe katika karatasi, si mfuko wa nailoni, kwa sababu unyevunyevu huharibu ushahidi. Apelekwe hospitali kabla saa 72 hazijapita, kwani dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zisipoanzwa katika muda huo hazitazamiwi kufaa, na zikianzwa humezwa siku 28 bila kukatiza. Katika Tanzania hutakiwa pia fomu ya polisi iitwayo PF3, na vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Mwenye kuogopa kwenda aweza kwanza kupiga simu namba 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto, Tanzania na Kenya pia. Saa 72 zikiwa zimepita, bado aende, kwa kuwa majeraha na magonjwa mengine hutibika.

Na yule aliyekwisha kuwa mtu mzima? Huyo aghalabu haji na habari yenyewe. Huja na usingizi mbovu, ulevi, ukali nyumbani, au maumivu ya mgongo yasiyokwisha. Mkewe akiambiwa, asimdai habari yote kwa usiku mmoja, wala asiidhani kuwa sababu ya kumwonea shaka uanaume wake. Amwache achague lini aseme, na nani mwingine ajue. Maana kilichonyang'anywa siku ile ni uchaguzi, na kwa kurudishiwa uchaguzi ndivyo anavyoanza kupona.

Wakimbizi wa Kongo walioko Kampala, ambao wengi wao hunena Kiswahili, wameonyesha njia. Kati yao wamo wanaume walioingiliwa kwa nguvu na watu wenye silaha katika vita vya nchi yao, na baadhi yao waliunda chama chao mwaka 2011, kwa msaada wa mradi wa sheria za wakimbizi wa Chuo Kikuu cha Makerere. Jina lake maana yake ni Wanaume wa Matumaini. Mtu aliyedhani ni peke yake duniani huketi hapo na kumsikia mwenzake akitaja jambo lilelile, naye hahitaji kusema neno siku ya kwanza.