Watoto Wako Utamwachia Nani, na Atawashikia Nini?

Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 14



Leo nina maneno na kina baba vijana wenye watoto wadogo. Mzee wa miaka 70 akifa, watoto wake mara nyingi ni watu wazima, kila mmoja anapokea fungu lake mwenyewe. Wewe ukifa leo, mwanao wa miaka 4 hawezi kupokea kitu. Lazima awepo mtu wa kumshikia, pengine kwa miaka 10 na zaidi. Huyo ndiye wasii. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu mwenye jambo la kuusia asilale siku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Usipomtaja wasii wewe, watamchagua wengine.

Tuchukue mfano. Kijana wa miaka 31, mvuvi wa kamba huku delta. Baba yake na babu yake wameshatangulia mbele ya haki, mama yake yu hai. Ana mke, binti wa miaka 7, mtoto wa kiume wa miaka 4, na binti wa mwaka 1. Ana boti na mashine yake, minazi, na akiba kidogo. Anaandika hivi: "Nikifa, watoto wangu na mali yangu yote viwe chini ya mdogo wangu." Basi. Mstari mmoja.

Mstari huo umeandikwa kwa mapenzi, lakini umefunga mzigo mmoja wa vitu viwili: malezi ya watoto na mali. Malezi ni nani atawalaza, atawaogesha na kuwapeleka madrasa. Hiyo ni haki ya mama kwanza, wala baba hamnyang'anyi kwa wasia. Mali ni jambo la pili. Na hapo mstari umekosea tena, kwa sababu umesema "yote".

Tupige hesabu. Tuseme baada ya mazishi na madeni imebaki mali ya shilingi 9,600,000. Mke anachukua thumni, yaani 1,200,000. Mama wa marehemu anachukua sudusi, yaani 1,600,000. Zinabaki 6,800,000 za watoto: wa kiume 3,400,000, na kila binti 1,700,000. Mke na mama ni watu wazima, wanapewa chao mkononi. Wasii anashika 6,800,000 tu, tena zikiwa mafungu matatu yenye majina matatu. Baba mdogo akishika "yote", mjane ataomba pesa ya sabuni kutoka kwenye fungu lake mwenyewe.

Sasa swali gumu. Huyo ndugu ni mwema, anaswali, anawapenda watoto. Je, kumwambia aandike hesabu si kumdhania vibaya?

Nakuomba umfikirie Abu Dharri (Radhiya Allahu anhu). Nani katika sisi ana ukweli wake na kuipa mgongo dunia kama yeye? Hata hivyo Mtume (S.A.W.) alimwambia kwamba anamwona ni dhaifu, na akamkataza kusimamia mali ya yatima. Hakumwita mwizi. Alimtenganishia mambo mawili sisi tunayoyachanganya: kuwa mtu mwema, na kuweza kazi. Mdogo wako anaweza kuwa mwema kabisa na bado akakopesha kila anayemlilia, mpaka fungu la mtoto likaishia mifukoni mwa watu.

Tazama pia Aya ya 6 ya Suratun Nisaa. Allah anaamuru yatima wajaribiwe, na wakionekana wamekomaa akili wapewe mali zao, na siku ya kukabidhi waitwe mashahidi. Amri hiyo haikuwekwa kwa wasii mbaya peke yake. Wasii mwaminifu ndiye anayeihitaji zaidi, maana mtoto akikua atasikia maneno ya mtaani, na baba mdogo asiye na karatasi hana cha kujitetea. Kwa hiyo hesabu ni heshima kwake. Unamkinga yeye, na unaukinga udugu wao.

Mali ya yatima mara nyingi haiibwi usiku, inaisha mchana kweupe. Boti ile ikiachwa imeegeshwa kwenye mikoko, baada ya misimu miwili mbao zimeoza na mashine imekufa. Baba mdogo akienda nayo baharini mwenyewe, anagawa mapato na mabaharia, na fungu la chombo linasahaulika kwa sababu "chombo ni cha nyumbani". Dalili yake ni nyepesi: uliza fungu la chombo la mwezi uliopita liko wapi. Likikosa jibu, yatima ameliwa, hata kama aliyekula hakukusudia. Na katika madhehebu yetu ya Shafi wasii haruhusiwi kujiuzia mwenyewe mali ya yatima, hata kwa bei nzuri. Shamba nalo haliuzwi ila kwa haja ya mtoto au faida iliyo wazi. Aya hiyohiyo imempa nafasi wasii fukara kula kwa wema kwa kazi yake, na tajiri imemtaka ajizuie. Basi liandikwe mapema.

Kijana wetu angeandika hivi:

"Watoto wangu wakae na mama yao. Mafungu yao tu, baada ya kila mrithi kupewa chake, yasimamiwe na (jina). Akifa, akikataa au akishindwa, ashike (jina la pili). Boti iuzwe kwa bei ya soko au ikodishwe, na fungu la chombo liwekwe kwa majina ya watoto. Kila mwaka hesabu isomwe mbele ya mama yao na mashahidi wawili. Kila mtoto akabidhiwe akishabaleghe na kuonekana ana akili ya mali, mbele ya mashahidi."

Na jina la kwanza laweza kuwa la mama yao. Katika fikihi yetu, mama akiwa na uadilifu na uwezo, ndiye bora kuusiwa kuliko wengine. Jamani, anayejua bei ya daftari na dawa ni yeye.

Kuna mpaka mmoja kijana usiusahau. Kama baba yako mzazi yu hai na anafaa, kwa madhehebu ya Shafi yeye ndiye walii wa mali ya wajukuu zake baada yako, na huwezi kumruka ukamweka mtu mwingine. Kaa naye sasa, mkubaliane kuhusu daftari la hesabu, na kuhusu wa kushika baada yake.

Ukiandika, tia saini mbele ya mashahidi wasiorithi. Mwambie huyo uliyemchagua, maana ana haki ya kukataa, na ni heri akatae ukiwa hai. Wasia unaweza kuuhifadhi RITA. Ukifa, mirathi inafunguliwa mahakamani, na kwa wengi wetu ni Mahakama ya Mwanzo, ambapo msimamizi naye anadaiwa hesabu. Wasia uliofichwa chini ya godoro haumfikii hakimu.

Usiku wa leo baada ya Tarawehe, kaa na mkeo mwandike majina mawili. Halafu jiulize kwa kila jina: nampenda, sawa, lakini anaweza?

Allah awahifadhi watoto wetu, tukiwepo na tusipokuwepo. Swaumu maqbul.