Uongo Usio na Mwongo

Nianze na mswada wangu, maana ndio ulionitia katika mawazo haya. Katika sura ya tatu ya riwaya ninayoiandika yumo kijana anayepanda treni Tanga kwenda Moshi, mwaka 1958. Anafika dirishani, anatoa pesa, anapewa tiketi. Nikaandika na nauli: shilingi kadhaa na senti hamsini. Sentensi ikakaa vizuri. Hizo senti hamsini, bwana, ndizo zilizoitia roho.

Nikampelekea mzee mmoja jirani yetu aliyefanya kazi reli enzi hizo. Alisoma polepole, miwani puani, mpaka akafika pale dirishani. Akaweka kidole.

“Kijana wangu, nauli hii umeitoa wapi?”

“Nimekisia tu, babu.”

“Mbona umeiandika kama aliyeilipa?”

Sikuwa na jibu. Na tangu siku ile kila nikisikia watu wakibishana kijiweni juu ya mitambo ya lugha, hii programu ya kompyuta inayoandika insha, barua na hata mashairi, nalikumbuka swali la mzee. Wako wanaosema mtambo unajua kila kitu. Wako wanaosema ni mwongo mkubwa. Mimi naona wote wamekosea, na kosa lao ni moja: hawajauliza ulifundishwa nini.

Hebu tuangalie mafunzo yenyewe, yale ya mwanzo kabisa, kabla mtambo haujafundishwa adabu za kuzungumza na watu. Ni mchezo wa kukisia, wala si mchezo mpya. Mtaalamu wa Kimarekani Claude Shannon aliandika habari zake mwaka 1951: mpe mtu maandishi, ficha herufi inayofuata, akisie, kisha mwonyeshe. Mtambo nao huchezeshwa hivyohivyo, ila maandishi yake hukatwa vipande vidogo, pengine neno zima, pengine nusu ya neno, vinavyoitwa tokeni. Mtambo wa GPT-3, uliotolewa mwaka 2020, ulikuwa na orodha ya tokeni 50,257. Kila hatua hugawa matumaini yake juu ya orodha yote: hiki nakipa nusu, kile robo, vile vingine chembechembe. Kisha kipande halisi kinafunuliwa. Ikiwa ulikipa nusu, adhabu yake ni pointi moja. Ulikipa robo, pointi mbili. Ulikipa sehemu moja kati ya 1,024, pointi kumi. Adhabu hiyo ikipatikana, namba zilizomo ndani ya mtambo husogezwa kidogo sana ili safari nyingine ukisie vizuri zaidi. GPT-3 ilikuwa na namba za ndani bilioni 175, na ilichezeshwa mchezo huu kwa tokeni kama bilioni 300. Basi. Hakuna darasa jingine lililofichwa nyuma ya hilo.

Utaniuliza, mchezo wa kitoto namna hii unawezaje kuzaa Kiswahili fasaha? Chukua maneno “Vitabu vya mwalimu wetu...”. Asiyejua lugha atavutwa na mwalimu aliye karibu, aseme “amepotea”. Anayetaka kuepuka adhabu lazima arudi nyuma mpaka kwenye vitabu, aseme “vimepotea”. Hakuna aliyeuandikia mtambo ngeli za nomino. Umezipata kwa kuchapwa. Kadhalika “mlima mrefu kuliko yote Afrika ni...” umeandikwa mara nyingi mno, na asiyeweka Kilimanjaro pale anaadhibiwa kila mara. Kwa hiyo mtambo hujifunza sarufi, na hujifunza mambo ya kweli pia. Tusiudharau. Wanaosema “ni kasuku tu” hawajajaribu kukisia tokeni bilioni 300.

Lakini tazama adhabu inatoka wapi. Inatoka kwenye maandishi yenyewe. Swali la kila hatua ni moja: je, ulikisia kilichoandikwa? Haliulizwi kamwe: je, kilichoandikwa ni kweli? Mtu akiandika uzushi, na mtambo ukakisia ukweli mahali pale, ni mtambo utakaochapwa. Ukweli huingia humo kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa watu wengi waliuandika mara nyingi.

Sasa njoo kwenye mambo yaliyoandikwa mara moja tu. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909, na jambo hilo limerudiwa vitabuni na magazetini. Fikiri sasa juu ya mshairi mmoja wa mtaani, aliyetajwa katika kijitabu kimoja tu, na tarehe yake ya kuzaliwa humo. Mtambo umeyaona maneno “alizaliwa mwaka 19...” mara nyingi kupita kiasi. Umbo lake umelishika kama sala. Unajua panapofuata ni namba, na kwa mshairi wa kizazi kile namba yenyewe itakuwa kati ya mwaka fulani na mwaka fulani. Ila namba ya mtu huyu imepita mbele yake mara moja, ikasogeza zile namba za ndani unywele mmoja, ikafunikwa na mengine. Basi ukifika pale, hugawa matumaini: kidogo kwa 1921, kidogo kwa 1924, kidogo kwa 1927. Halafu kimoja hutolewa kama kwa bahati nasibu, na sentensi inaendelea mbele. Msomaji haoni ule mgawanyo. Anaona “alizaliwa mwaka 1924”, kavu, bila kigugumizi, kwa sauti ileile iliyotaja Kilimanjaro.

Jambo hili lina hesabu yake. Wataalamu wawili, Adam Kalai na Santosh Vempala, walionyesha mwaka 2023 kwamba mtambo uliofunzwa vizuri kwa mchezo huu, nasema vizuri, hauwezi kuepuka kuzua mambo ya aina hiyo. Kwa lugha ya mtaani: ikiwa katika kila tarehe 100 za kuzaliwa zilizomo kwenye maandishi, 20 zimetokea mara moja tu, basi tarajia mtambo ukosee angalau kama tarehe 20 kati ya 100 hizo. Si ubovu wa mtambo. Ni matokeo ya kazi uliyopewa.

Na kwa nini usiseme “sijui”? Fungua kitabu chochote cha maisha ya watu mashuhuri uniambie kama umekuta “fulani alizaliwa mwaka sijui”. Asiyejua haandiki. Anakwenda kuuliza, au anaruka. Kitabu kinabeba majibu, wala hakibebi safari za mwandishi kwenda masjala, wala mhariri aliyepiga mstari mwekundu. Mtambo umesoma sauti ya watu waliokwisha kuhakikisha, ukaiga sauti, na kule kuhakikisha hakumo kwenye karatasi kwa hiyo hakukuigika. Ni kama mtu aliyejifunza kupiga mhuri bila kuambiwa mhuri ni wa nini.

Kweli, baada ya hapo mitambo hufunzwa tena na watu, na inaweza kuzoeshwa kukiri. Lakini hapo nako pana kizungumkuti. Mwaka 2025 Kalai na wenzake walieleza kuwa mitihani mingi inayotumika kupima mitambo humpa sifuri anayesema hajui, sawasawa na aliyekosea. Sisi tuliofanya mitihani ya kuchagua A, B, C au D tunaijua hiyo. Nani aliacha wazi? Ukikisia una nafasi moja kati ya nne.

Kuna waliolipa kwa jambo hili, kwa pesa taslimu. Abiria mmoja aliishtaki kampuni ya ndege ya Avianca mjini New York, akidai goti lake liligongwa na kigari cha chuma cha kugawia vyakula katika safari ya mwaka 2019. Mawakili wake wakapeleka mahakamani hoja zilizotegemea hukumu za zamani walizopata kwa mtambo wa ChatGPT. Moja iliitwa Varghese dhidi ya China Southern Airlines, na anwani yake ni hii: 925 F.3d 1339. Maana yake juzuu la 925 la mfululizo wa tatu wa hukumu za mahakama za rufani, ukurasa wa 1339, mwaka 2019. Angalia ilivyotimia! Jina, “dhidi ya”, shirika la ndege, juzuu, ukurasa, mahakama, mwaka. Hakuna kiungo kilichokosekana isipokuwa kesi yenyewe. Haikuwapo. Anwani ile ni ya kesi nyingine kabisa. Hukumu za kubuni zilikuwa sita, na Juni 2023 Jaji Castel aliwatoza faini ya dola 5,000.

Waligunduliwaje? Si kwa lugha. Mawakili wa upande wa pili walizitafuta hukumu zile wasizione. Hapa ndipo pa kujifunza namna ya kutambua. Ufasaha haukuambii kitu, kwa kuwa ufasaha ndio somo mtambo uliofaulu. Chunguza vitu vyembamba: majina, kurasa, tarehe. Na ipo mbinu ya wataalamu ya kuufanya mtambo uandike jambo lilelile mara nyingi, kisha kulinganisha. Kilimanjaro haitahama. Tarehe ya yule mshairi itarukaruka, mara 1921, mara 1927. Ila mbinu hiyo nayo ina kikomo: uzushi uliorudiwa na watu wengi, kama ule wa ukuta wa China kuonekana kwa macho kutoka mwezini, unaweza kusimama imara kama ukweli.

Basi je, mtambo ni mwongo? Mwanafalsafa Harry Frankfurt, katika insha yake ya mwaka 1986, aliwatenga watu wawili. Mwongo anaujua ukweli, au anadhani anaujua, na anakukimbiza usiufikie. Mpiga porojo hana habari nao kabisa, anataka maneno yakae tu. Frankfurt alimwona huyu wa pili kuwa adui mkubwa zaidi wa ukweli. Nikitazama mchezo ule wa kukisia, naona mtambo uko karibu na huyu wa pili, ila hauna hata tamaa yake ya kuonekana. Uongo upo, mwongo hayupo. Nani basi tumkamate? Nadhani yule jaji alijibu sawa: hakuitoza faini kompyuta. Aliwatoza mawakili.

Na hapo ndipo mimi ninapobanwa. Kazi yangu ni hiyohiyo, kupanga maneno yanayoelekea. Naweza kujitetea kwamba jalada langu litaandikwa “riwaya”, na msomaji atajua. Lakini nauli ya treni si mhusika wangu. Ilikuwapo. Kuna watu waliitoa mfukoni.

Nilirudi kwa mzee juma lililofuata. Nikamwamkia, nikamwuliza nauli ya kweli ilikuwa kiasi gani, daraja la tatu, Tanga mpaka Moshi. Akainua macho juu kwenye dari, akahesabu kitu kwa vidole, akaanza kutaja, akasita.

“Sikumbuki, mwanangu,” akasema. “Ningekudanganya.”

Nimeifuta nauli. Sasa kijana anasukuma sarafu zake chini ya dirisha, karani anazihesabu, anamrudishia moja.