Umefanya Vyema: Kadi kwa Mkunga wa Usiku

Wahenga walituusia tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Usia huu, tukiutazama kwa makini, haumheshimu sana mkunga; unatutahadharisha tu kwamba tutamhitaji tena. Je, uzazi ukishapita salama, mama na mwana wakisharejea nyumbani, mkunga bado anatudai kitu? Wapo wasemao hatudai, kwa kuwa analipwa mshahara na ametimiza wajibu wake.

Sikubaliani nao, na hoja yangu naitoa katika neno lenyewe. "Asante" asili yake ni Kiarabu, *ahsanta*, yaani umefanya vyema. Kwa hiyo asemaye asante hakiri deni tu, bali anashuhudia kitendo. Na mshahara hulipa zamu, haushuhudii kitendo. Ila shahidi sharti ajue kilichotendeka, na hapa ndipo penye uzito. Uzazi uliokwenda salama huonekana kana kwamba hapakutokea jambo, kwani kazi kubwa ya mkunga ni yale aliyoyazuia yasitokee.

Mwaka jana kijana mmoja wa ukoo wetu, mkaazi wa Makuyuni (hii ya Korogwe, si ile ya Monduli), aliniomba nimtungie beti za kadi ya muuguzi mkunga aliyemzalisha mkewe. Alitaka aitwe malaika. Nilimwambia kuwa malaika hachoki wala hasinzii, basi ukimwita hivyo umemfutia usiku wake wote. Nikamtaka akamuulize mkewe. Yeye alikuwa nje kwenye benchi. Aliyeona ni mzazi.

Mke alikumbuka mengi. Alipokelewa saa tano usiku, akajifungua saa kumi alfajiri. Katika uchungu ulioshika kasi, mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa angalau kila nusu saa na kuandikwa kwenye chati. Kwa saa tano hizo ni mara kumi, bila kuhesabu wakati wa kusukuma, ambapo mkunga husikiliza kila baada ya dakika chache. Mapigo yakishuka chini ya 110 kwa dakika au kupanda juu ya 160 na yasirejee, hiyo ni dalili ya kutafuta msaada mapema, na asiyesikiliza hatajua. Mtoto alipotoka, mama alichomwa sindano ya oksitosini pajani, uniti 10, katika dakika ile ya kwanza, ili kizazi kijikaze. Kisha, alivyosimulia mwenyewe, "akawa ananibonyeza tumbo kila nikitaka kulala." Kero hiyo ndiyo hasa ya kushukuriwa. Kizazi kikilegea, mama aweza kupoteza damu nyingi kwa muda mfupi, naye amelala amejifunika khanga, mwenye kumtazama akidhani amepumzika. Kwa hiyo hupapaswa kila robo saa kwa saa mbili za mwanzo: mara nane, kuelekea mapambazuko, saa ambazo macho ni mazito kuliko zote.

Beti tuliziacha. Kadi ikaandikwa hivi:

"Dada mkunga, shikamoo. Mimi ni yule uliyenipokea saa tano usiku wa Jumanne, nikajifungua mtoto wa kike saa kumi alfajiri. Uliusikiliza moyo wake usiku kucha. Nilikasirika uliponibonyeza tumbo nikiwa na usingizi. Sasa najua ulikuwa unalinda damu yangu. Mtoto ananyonya vizuri. Asante. Mama yake."

Siku na saa zimewekwa kwa kuwa yeye hupokea wengi, na bila hizo hatamjua anayemshukuru. Habari za maradhi au vipimo hazikutiwa, kwani kadi huenda ikabandikwa ukutani. Fedha hazikutiwa pia. Bahasha itolewayo kabla ya uzazi ni hongo, na ile ya baadaye, hata ikitolewa kwa moyo safi, humfundisha mzazi ajaye kwamba naye aje na yake.

Kijana alitaka kuongeza sentensi moja: "Ulikuwa peke yako, hukulalamika." Nilisita. Mkunga mmoja kuachiwa wodi usiku, wazazi wawili wakisukuma kwa wakati mmoja, ni upungufu wa watumishi. Tukiufanya pambo la sifa, tunamsaidia mwenye kupanga zamu asiuone. Sentensi ile tukaitoa. Kama ni ya kusemwa, isemwe kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya diwani.

Ilibaki namna ya kuifikisha. Wa zamu ya usiku hulala mchana, na kadi iachwayo mezani huweza kusomwa na wote isipokuwa yeye. Mama aliichukua kwenye mkoba siku ya chanjo ya wiki ya sita, akaulizia zamu, akaambiwa arudi jioni. Akarudi, mtoto mgongoni.