Saini Katikati ya Uchungu

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika hospitali kuu ya umma ya kaunti ya Los Angeles, wanawake wenye asili ya Meksiko waliingia kujifungua wakatoka wamefungwa kizazi. Wengi wao walizungumza Kihispania, na Kiingereza chao kilikuwa cha kuombea maji. Karatasi ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiingereza ililetwa mama akiwa kwenye uchungu, pengine ameshachomwa dawa ya kutuliza maumivu. Baadhi walisaini wakidhani wanakubali upasuaji wa kumtoa mtoto. Baadhi walisikia kwamba mirija yao itafungwa, wakaamini kuwa kilichofungwa kitakuja kufunguliwa. Wapo ambao hawakujua kilichowapata hadi walipotafuta mtoto mwingine na kumkosa.

Daktari kijana, Bernard Rosenfeld, ndiye aliyekusanya kumbukumbu za wagonjwa na kuwafikishia wanasheria. Mwaka 1975 kesi ikafunguliwa. Walalamikaji walikuwa wanawake 10, wakitetewa na Antonia Hernández na Charles Nabarrete, na kesi ikajulikana kama Madrigal dhidi ya Quilligan. Mwaka 1978 jaji Jesse Curtis aliwapa ushindi madaktari. Kwa maoni yake, kilichotokea ni daktari na mgonjwa kutoelewana. Hukumu hiyo inaniuma kila niisomapo. Aliyeandika fomu, aliyechagua lugha yake na aliyeshika kisu walikuwa upande mmoja, na hasara yote ya kutoelewana ikabebwa na upande wa pili.

Mwaka huohuo serikali ya Marekani ilitoa kanuni mpya kwa kila upasuaji wa kufunga kizazi unaolipiwa na fedha zake. Mgonjwa awe ametimiza miaka 21. Kati ya kusaini na kupasuliwa zipite siku 30, isipokuwa kwa dharura chache zilizotajwa. Mama aliye kwenye uchungu asiombwe saini. Asiyejua lugha ya fomu apewe mkalimani, na mkalimani naye asaini kwamba ameeleza yote na kwamba, kwa kadiri anavyojua, mgonjwa ameelewa. Fomu inayotumika, HHS-687, huanza kwa tangazo la herufi kubwa: ukikataa wakati wowote, hutanyimwa huduma wala msaada unaotoka serikalini.

Fomu hiyo ipo kwa Kiingereza na Kihispania. Sasa tuseme mama kutoka Kivu amefika Marekani kama mkimbizi, na lugha anayoitumia hospitalini ni Kiswahili. Yeye ataipata kwa mdomo wa mkalimani, au kwa karatasi ambayo hospitali imeagiza itafsiriwe. Hapo yale ya Los Angeles yanaweza kujirudia bila mtu yeyote kuvunja kanuni hata moja.

Sentensi nzito kuliko zote ni ile inayosema upasuaji huu uhesabiwe kuwa ni wa kudumu na haurudishiki. Mfasiri mwenye haraka ataandika: “Ninaelewa kuwa kufunga kizazi ni njia ya kudumu.” Sarufi yake haina kasoro. Lakini mama amezoea mlango unaofungwa na kufunguliwa, na kliniki amesikia njia ya kudumu ikitajwa pamoja na sindano na kijiti. Kijiti hukaa miaka kadhaa kisha hutolewa, basi hii nayo ataiona kuwa ni ile inayokaa zaidi. Neno kufunga liachwe, maana ndilo watu wanalolijua, ila lifuatwe na kitendo chenyewe: “Mirija yangu ya uzazi itakatwa au itazibwa. Nisitegemee kuzaa tena maishani, hata nikiolewa upya, hata kama watoto nilionao watafariki. Nisitegemee kwamba daktari ataweza kuirudisha ilivyokuwa.”

Mfasiri hana ruhusa ya kuongeza maneno hayo kimyakimya. Anayaandika kama pendekezo, anaeleza kwa nini, na daktari mwenye dhamana ndiye anayeyaidhinisha. Hatua hii hurukwa mara nyingi kwa sababu kazi huagizwa leo na kutakiwa kesho. Halafu hospitali hujipa moyo kwa kumpa mtu wa pili tafsiri airudishe kwa Kiingereza. Ile sentensi ya haraka ingerudi salama salimini, kwa kuwa anayeirudisha anajua tayari fomu za namna hii husema nini. Mama hana mwanga huo.

Kwenye hatari nako kuna mtego. Kutoka damu, kupata maambukizi, kuumizwa kibofu au utumbo, matatizo ya dawa ya usingizi: haya hutafsirika bila shida, ilimradi mfasiri asiyakusanye yote na kuyaita “madhara madogo madogo” ili mgonjwa asiogope. Hatari inayopotea zaidi ni ya upasuaji wenyewe kushindwa. Kati ya wanawake 1,000 waliofungwa, karibu 5 hushika mimba ndani ya mwaka wa kwanza. Iandikwe hivyo kwa hesabu ya watu, kwa sababu asilimia 0.5 haimpi msomaji wa kawaida picha yoyote. Na mimba hiyo ikitokea, huwa na uwezekano mkubwa kuliko mimba za kawaida wa kutunga ndani ya mrija, ambao unaweza kupasuka na kumwaga damu tumboni. Mama aliyesomewa kwamba hatapata mimba kamwe atakosa hedhi, ataumwa tumbo upande mmoja, na atakaa nyumbani akinywa dawa za maumivu. Kwa hiyo fomu ibebe mambo mawili kwa pamoja: asitegemee kuzaa tena, na akiona dalili hizo awahi hospitali siku hiyohiyo.

Kuna haki ya kukataa. “Kutokubali hakutaathiri stahiki za mgonjwa” ni Kiswahili cha ofisini, na mgonjwa anayetajwa humo anaweza kuwa mtu yeyote. Mama mkimbizi anaogopa vitu vyenye majina: kadi ya matibabu, msaada wa chakula, jina lake kuandikwa vibaya kwenye faili. Aambiwe yeye mwenyewe: “Unaweza kukataa. Unaweza kubadili mawazo hata ukiwa umeshalazwa kwenye kitanda cha upasuaji. Utaendelea kutibiwa hapa, na kadi yako ya matibabu na msaada wa chakula havitaguswa.” Maneno hayo yabaki juu kabisa kwa herufi kubwa, kama yalivyo kwenye asili. Kiswahili hurefusha karatasi, na mpangaji wa kurasa akikosa nafasi hupunguza herufi au husukuma tangazo upande wa nyuma. Mkalimani naye achunge kauli yake. “Mama, daktari anaomba utie saini hapa” ni adabu njema, lakini kwa mtu aliyelelewa kumheshimu mganga hiyo tayari ni amri.

Kabla karatasi haijapelekwa wodini, atafutwe mwanamke wa Bukavu au Uvira asiye muuguzi, ambaye kwake kuzaa huenda ni kuzala, aisome mbele ya mfasiri. Asiulizwe kama ameelewa, maana atajibu ndiyo kwa heshima. Aulizwe: “Mama, watakufanya nini mwilini? Miaka mitano ijayo ukitaka mtoto, utafanyaje? Na leo ukisema hapana, nini kitafuata?” Akijibu kwamba atarudi hospitali wamfungulie, sentensi irudi mezani, hata kama nakala zimeshachapwa.